Uchumba 2026, harusi 2027 au nisubiri 2029? Kusoma dasha na mapito ya sayari kwenye kundali moja

*Shikamoo mwalimu. Nilizaliwa Dar es Salaam Agosti 1997, saa tatu na nusu asubuhi. Kijana niliyemchagua mwenyewe tulikutana Septemba 2022 na sasa wazazi wa pande zote mbili wamekubali. Tatizo ni tarehe. Pandit wetu wa hapa anasema tufanye sagai, yaani uchumba, na harusi 2026, Mshtarii akiwa juu. Mjomba wa mama kamuuliza mnajimu wa Rajkot, yeye anasema harusi isiwe kabla ya mwisho wa 2027. Nikafungua programu kwenye simu, ikaniambia dasha ya ndoa inaanza 2029! Nimuamini nani?*

Marahaba mwanangu. Tuanze na simu yako, maana hiyo ndiyo rahisi kuiondoa. Umesema saa tatu na nusu, na nina hakika kubwa kwamba uliandika 3:30. Nimejaribu kuingiza saa hiyo, na lagna, yaani burji inayochomoza mashariki mtu anapozaliwa na ambayo ndiyo nyumba ya kwanza, ilitoka Mapacha, au Mithuna. Fungua tena uangalie kama ndivyo ilivyo kwako. Programu hizo hazijui saa zetu. Saa tatu na nusu asubuhi kwake ni 9:30, na kwa saa hiyo pale Dar lagna inayochomoza ni Mashuke, ambayo pandit wako anaiita Kanya. Kosa hili nalikuta kila mara kwenye kundali, ramani za anga za kuzaliwa, zinazoletwa kutoka pwani yetu, na halihamishi lagna peke yake. Kwa saa sita Mwezi unatembea digrii tatu na zaidi, na kwako hilo limesogeza dasha zote, vipindi vya maisha vinavyoshikwa na sayari, kwa karibu miaka miwili. Hiyo 2029 imezaliwa humo. Tafuta kadi ya hospitali, uone kama imeandikwa 0930, kisha uifute ile kundali ya zamani kabisa isije ikachanganywa na hii.

Sasa nikueleze dasha zako zinavyohesabiwa, ili usiwe unapokea tarehe tu. Mfumo wanaoutumia wote wawili ni Vimshotari, mzunguko wa miaka 120 uliogawiwa sayari tisa, kila moja na miaka yake: Ketu 7, Zuhura 20, Jua 6, Mwezi 10, Mirihi 7, Rahu 18, Mshtarii 16, Zohali 19 na Utaridi 17. Unapoanzia kwenye mzunguko huo kunategemea manzili ambamo Mwezi ulikuwa ulipozaliwa, yaani nakshatra. Mwezi wako uko karibu digrii 29 za Mbuzi, au Makara, ndani ya nakshatra ya Dhanishta ambayo ni ya Mirihi. Kila nakshatra ina urefu wa digrii 13 na dakika 20, na kwako zilikuwa zimebaki digrii saba na dakika kama arobaini hivi. Mirihi anatoa miaka 7 kwa nakshatra nzima, kwa hiyo ulizaliwa ukiwa umebakiwa na miaka minne na kidogo ya Mirihi. Ikafuata Rahu kuanzia Agosti 2001, miaka kumi na minane, na Agosti 2019 ukaingia dasha kuu ya Mshtarii itakayokwenda hadi 2035.

Ndani ya dasha kuu kuna dasha ndogo, antardasha, kwa mpangilio uleule. Mshtarii mwenyewe alishika hadi Oktoba 2021, Zohali hadi mwisho wa Aprili 2024, Utaridi anashika hadi mwanzo wa Agosti 2026, Ketu hadi Julai 2027, halafu Zuhura hadi Machi 2030. Hizo mbili za mwisho ndizo zinazowagombanisha wazee wako.

Kabla ya kuulizia lini, mnajimu anatakiwa aulize kama kundali yenyewe inaahidi ndoa, na kwa nani. Lagna ikiwa Mashuke, nyumba ya saba, nyumba ya ndoa, ni Samaki, na mwenye nyumba hiyo, sayari inayoitawala, ni Mshtarii. Yeye amekaa Mbuzi, nyumba ya tano, pamoja na Mwezi. Zohali naye, mwenye Mbuzi, amekaa Samaki, ndani ya nyumba yako ya saba. Maana yake mabwana hawa wawili wamebadilishana nyumba, kila mmoja kalala kwa mwenzake. Tunaita parivartana. Nyumba ya tano ni ya moyo na mapenzi, ya saba ni ya ndoa, na mabadilishano kati ya hizo mbili ni dalili ya zamani kabisa ya mtu kuolewa na aliyemchagua mwenyewe. Zohali kukaa hapo kunachelewesha, lakini hakunyimi. Miaka yako ishirini na minane bila pete ni kazi yake ya kawaida, na wala si kosa la mtu.

Kuna mtu atakutisha kwamba Mshtarii akiwa Mbuzi yuko chini, amedhalilika, na Zuhura wako akiwa Mashuke yuko chini vilevile. Ni kweli, wote wawili. Ila mwambie afungue navamsha, kundali ya mgawanyo wa tisa inayosomwa kwa ajili ya ndoa. Mshtarii wako yuko digrii ya 22 hivi ya Mbuzi, na hapo navamsha yake inaangukia Kaa, anakotukuka. Zuhura yuko digrii ya 7 ya Mashuke, na navamsha yake inaangukia Samaki, nako pia anatukuka. Sayari dhaifu kwenye kundali kuu lakini imara kwenye navamsha huchukuliwa kuwa inaanza kwa shida na kuishia vizuri. Zuhura huyo, tena, amekaa lagna na anaitazama nyumba ya saba moja kwa moja, na ndiye mwenye nyumba yako ya pili, nyumba ya familia.

Kwa hiyo ahadi ipo. Tuje kwenye wakati.

Dasha ndiyo inayosema jambo gani liko tayari kuiva katika miaka fulani. Mapito ya sayari, gochara, yanasema mwezi gani ndani ya miaka hiyo. Ukigeuza mpangilio huo utapotea, kwa sababu mapito ni ya dunia nzima. Mshtarii anapoingia Kaa, anaingia kwa watu wote wenye lagna ya Mashuke, wakiwemo watoto wa darasa la pili na mabibi wenye wajukuu. Hawaolewi wote mwaka huo. Anayeolewa ni yule ambaye dasha yake inagusa nyumba ya saba, mwenye nyumba hiyo, sayari iliyokaa humo, au Zuhura. Kwako dasha kuu ni ya mwenye nyumba ya saba, kwa hiyo miaka yote kumi na sita ina harufu ya ndoa. Ndiyo maana hatuwezi kuishia hapo. Dasha kuu peke yake ni pana mno.

Kwa upande wa mapito tunatazama sayari mbili nzito kwa pamoja, Mshtarii na Zohali. Mshtarii hukaa karibu mwaka kwenye kila burji, Zohali miaka miwili na nusu. Kanuni inayotumiwa na wengi ni kwamba ndoa hutaka zote mbili ziguse nyumba ya saba au mwenye nyumba hiyo kwa wakati mmoja, ama kwa kukaa humo ama kwa kuitazama. Mshtarii hutazama burji ya tano, ya saba na ya tisa kutoka alipo, Zohali ya tatu, ya saba na ya kumi.

Tuijaribu kanuni hii kwanza kwa jambo ambalo limeshapita. Septemba 2022, mwezi uliokutana na kijana wako, ulikuwa kwenye dasha kuu ya Mshtarii na antardasha ya Zohali, yaani mwenye nyumba ya saba na aliyekaa ndani yake, walewale waliobadilishana nyumba. Angani, Mshtarii alikuwa Samaki, ndani ya nyumba yako ya saba, tangu Aprili mwaka huo. Zohali alikuwa amerudi nyuma Mbuzi, juu ya Mshtarii wako wa kuzaliwa, tangu Julai. Dasha na mapito vyote vilielekea mahali pamoja. Kwenye kundali ya saa 3:30 mwezi huohuo Mshtarii alikuwa anapita nyumba ya kumi, nyumba ya kazi. Tukio moja halitoshi kuthibitisha saa ya kuzaliwa, kwa hiyo mpe pandit wako na tukio jingine lisilohusu mapenzi, kama kuhama nyumba au kuanza kazi, naye alipime. Lakini kwa kuanzia, hili limekaa vizuri.

Basi pandit wa Dar ameona nini? Ameona mapito. Zohali aliingia Samaki mwisho wa Machi 2025, na atakuwa humo hadi mwanzo wa Juni 2027. Mshtarii anaingia Kaa, anakotukuka, mwanzo wa Juni 2026 na kukaa hadi mwisho wa Oktoba. Kutoka Kaa, jicho lake la tisa linaangukia Samaki, na la saba linaangukia Mbuzi alipo Mshtarii wako. Zote mbili ziko kwenye nyumba ya saba, na Mshtarii yuko kwenye nguvu zake zote, tena katika nyumba yako ya kumi na moja, nyumba ya matakwa kutimia. Mtu akitazama gochara tu, lazima aseme 2026.

Mnajimu wa Rajkot ametazama dasha, akakuta Ketu. Ketu wako yuko Ndoo, nyumba ya sita, nyumba ya mivutano na madeni, na kwa tabia Ketu hukata kuliko anavyounganisha. Akaona ni salama kuruka mpaka Zuhura aanze Julai 2027. Na yeye hajakosea. Ila amemsoma Ketu nusu. Ketu na Rahu hawana burji yao, hutoa matunda ya mwenye burji waliyokaa. Mwenye Ndoo ni Zohali, na Zohali wako amekaa nyumba ya saba. Kwa hiyo Ketu huyu analo la kusema kuhusu ndoa, ila analisema kwa sauti ya Zohali: polepole, kwa utaratibu, wazee wakae waelewane, maneno ya nyuma yamalizwe.

Hapo ndipo ninapowatenganisha sagai na harusi. Watu wengi huuliza kana kwamba ni tarehe moja, na wanajimu wengi hujibu hivyohivyo. Uchumba ni neno linalotolewa mbele ya familia. Unasomwa kwa nyumba ya pili na ya kumi na moja, pamoja na mguso fulani kwenye ya saba. Unaweza kufungwa katika dasha ya wastani kama mapito ni mazuri. Harusi ni maisha yenyewe kubadilika, na kwa hiyo nataka antardasha yenyewe iwe ya sayari ya ndoa. Kwako sayari hiyo ni Zuhura.

Kwa sagai ninaona nafasi mbili ndani ya Ketu. Ya kwanza ni kati ya mwisho wa Agosti na katikati ya Oktoba 2026, ambapo kipande kidogo cha Zuhura, maana antardasha nayo hugawanywa kwa mpangilio uleule, kinapita ndani ya Ketu wakati Mshtarii yuko Kaa. Kwa hesabu tupu ni nzuri sana. Kwa nyumba ya Kigujarati ina kasoro mbili: iko ndani ya Chaturmas, miezi minne ambayo familia nyingi hazifanyi shughuli za ndoa, na siku za Pitru Paksha, za kuwakumbuka marehemu wa ukoo, zinaangukia katikati yake. Kama wazee wenu hawashikilii sana hayo, itumieni. Kama wanashikilia, nafasi ya pili ni bora: kuanzia katikati ya Februari hadi kabla ya katikati ya Machi 2027. Mshtarii anakuwa amerudi Kaa tangu mwishoni mwa Januari, Zohali bado yuko Samaki, na kipande kidogo ndani ya Ketu ni cha Mshtarii mwenyewe. Baada ya katikati ya Machi Jua linaingia Samaki, na mapandit wengi husimamisha shughuli hadi katikati ya Aprili.

Usiitegemee sana hiyo miezi ya vipande vidogo, lakini. Kosa la dakika kumi na tano kwenye saa yako ya kuzaliwa husogeza dasha zako kwa karibu mwezi mmoja, na aliyezaliwa kwenye nakshatra ya Zuhura angesogezwa kama mara tatu ya hapo. Saa iliyoandikwa "tatu na nusu" kwa kawaida imekadiriwa na nesi aliyekuwa na kazi nyingine mikononi. Lagna yako haina wasiwasi, maana iko kwenye digrii ya 21 ya Mashuke na burji hiyo haikutoka mpaka kama saa nne. Kinachoyumba ni mipaka ya dasha. Ndiyo sababu nachagua tarehe zilizo ndani ya kipindi, mbali na kingo zake.

Harusi sasa. Zuhura anaanza Julai 2027, lakini usikimbilie Julai. Wakati huo Mshtarii yuko Simba, na kutoka Simba haoni Samaki wala Mbuzi. Zohali yuko Kondoo. Antardasha imefika lakini anga haijajibu, na wewe utakuwa ukingoni mwa kipindi kilekile nilichokwisha kukuonya. Subiri kidogo tu. Kuanzia karibu Oktoba 20, 2027, Zohali anarudi nyuma Samaki na kukaa hadi karibu Februari 23, 2028. Kuanzia mwisho wa Novemba 2027 Mshtarii anaingia Mashuke, lagna yako, juu ya Zuhura wako wa kuzaliwa, akiitazama nyumba ya saba kwa jicho la saba na Mshtarii wako wa Mbuzi kwa jicho la tano. Anakaa hapo hadi mwisho wa Februari. Hapo una dasha kuu ya mwenye nyumba ya saba, antardasha ya Zuhura, na sayari zote mbili nzito kwenye nyumba ya saba. Sioni miezi mingine iliyokamilika hivi katika Mshtarii na Zuhura yote.

Katikati yake kuna Kamurta, siku zisizofaa kwa ndoa, kuanzia katikati ya Desemba hadi Utarayan tarehe 14 Januari, Jua likiwa Mshale. Kwa hiyo mnabakiwa na vipande viwili: siku za mwisho wa Novemba hadi katikati ya Desemba 2027, na kuanzia Januari 15 hadi kama Februari 20, 2028. Mimi ningechagua cha pili kwa sababu moja ya kawaida tu, kwamba ndugu wanaotoka Uingereza na India wamepata muda wa kupanga safari. Siku yenyewe, tithi yaani siku ya mwezi mwandamo, na lagna ya saa ya mandap, hiyo ni kazi ya muhurta, uchaguzi wa saa njema, na pandit wenu wa Dar ataifanya vizuri kuliko mimi kwa kuwa atakuwa na kundali ya bwana harusi mkononi.

Hilo la bwana harusi si dogo. Hukunitumia kundali yake, na tarehe nilizotoa ni zako peke yako. Kama yeye mwanzo wa 2028 yuko kwenye dasha inayogusa nyumba yake ya kumi na mbili kwa ubaya, au anaondoka kwenye kipindi kimoja kikuu kuingia kingine, mtahitaji nafasi ya akiba. Kwako ipo: Novemba hadi katikati ya Desemba 2028, baada ya Chaturmas. Mshtarii atakuwa tena Mashuke. Zohali atakuwa Kondoo, na jicho lake la kumi litamwangukia Mshtarii wako Mbuzi. Hapo Zohali hagusi nyumba yenyewe kama kwenye nafasi ya kwanza, anamgusa mwenye nyumba. Inatosha.

Kuhusu kutofautiana kwa wataalamu, waulize wote wawili swali hili: unatumia ayanamsha gani, yaani kipimo cha digrii za kurekebisha mahali burji zinapoanzia? Lahiri, iliyochukuliwa na kamati ya serikali ya India ya kurekebisha kalenda miaka ya 1950, ndiyo niliyotumia hapa. Ayanamsha ya Raman inatofautiana nayo kwa karibu digrii moja na nusu, na kwa Mwezi wako hiyo ni kama miezi tisa ya dasha. Mtu anayetumia Raman angemwanzisha Zuhura wako mwishoni mwa 2026 badala ya Julai 2027, na hapo mnaweza kubishana usiku kucha bila kujua kwamba hata hesabu zenu si moja. Na kama kuna shangazi anayekutajia Sade Sati, ile miaka saba na nusu ya Zohali kupita karibu na Mwezi wa kuzaliwa, mwambie kwa Mwezi wa Makara ilikwisha Machi 2025.

Kitu kimoja zaidi, na nakisema kama mtu anayefanya kazi hii. Mwanafizikia Jayant Narlikar na wenzake waliwapa wanajimu wa India kundali za wanafunzi hodari na za watoto wenye ulemavu wa akili, wazitenganishe. Matokeo yalichapishwa 2009, na hawakufanya vizuri kuliko mtu anayerusha sarafu. Hakupima wakati wa ndoa, lakini mnajimu anayekuambia tarehe fulani haina shaka anauza kitu. Kundali hii isitumike kuvunja neno ambalo wazazi wamekwisha kubaliana, wala kumfukuza kijana aliyekusubiri tangu 2022. Kama ukumbi unapatikana Machi 2028 tu, oleweni Machi 2028, mkikwepa siku Jua lilipo Samaki. Bado mko ndani ya Zuhura.

Nitumie kundali yake, na picha ya kadi yako ya hospitali ukiipata. Ukikuta imeandikwa saa nyingine, hata kwa tofauti ya nusu saa, usipange chochote cha Februari 2027 kabla hatujahesabu upya.